Fundi Kasafisha, Duka Limesimama

Laptop ya dukani kwetu, hapa Mtaa wa Narung'ombe, ina diski ya GB 128, na juzi ilianza kulia kuwa imejaa. Sisi tunauza mabegi, hatuhifadhi sinema. Nikaita kijana fundi kutoka Mtaa wa Aggrey. Alifungua Chrome, akabonyeza Ctrl+Shift+Delete, akachagua "All time", akatia tiki kila kisanduku alichokiona, akafuta.

"Tayari, mkubwa. Mashine nyepesi sasa."

Nyepesi kweli, maana haikumjua mtu tena! WhatsApp ya duka ilitoka, ikabaki kutuonyesha mraba wa QR, ikitaka simu yenye namba ile. Simu hiyo anayo bosi, na bosi yuko Guangzhou anafungasha mzigo. Huku saa kumi jioni wateja wa Mwanza wanauliza bei, kule ni saa tatu usiku. Fundi akashauri tuupige picha ule mraba tumtumie. Bosi akauliza, na mimi nilimwona ana haki: "Sasa simu hii ijiskani yenyewe?" Kilichotuokoa ni njia ile ya kuingia kwa namba ya simu. Kompyuta inatoa msimbo wa herufi na tarakimu 8, unamsomea mtu kwa sauti, naye anauandika kwenye simu yake. Tukaingia, na mazungumzo yakaanza kujipakua upya kwa bando langu.

Kinachoniudhi ni kwamba vile visanduku havilingani hata kidogo. Kashe, ambayo pale imeandikwa "Cached images and files", ni picha na vipande vya kurasa ulizokwisha kuzifungua. Ni kama maboksi matupu stoo: yanajaza chumba, ukiyatupa hakuna anayelia. Gharama yake ni kwamba kurasa zitakuja polepole mara ya kwanza, na bando litalipia tena picha zilezile. Zaidi ya hapo, Chrome huiwekea kashe kikomo na yenyewe hutupa vya zamani. Ukiifuta leo, ukiendelea kuperuzi itajaa tena hadi palepale.

Vidakuzi ni kinyume chake. Kimoja hakizidi takribani KB 4. Vyote vya laptop yetu havikufika MB 3. Lakini humo ndimo mlimokuwa na alama ya kwamba umeshaingia kwenye barua pepe, kwenye akaunti za wauzaji wa China na kila mahali pengine. Ukivifuta, hupati nafasi yoyote ya maana, na unaanza kutafuta nywila zilizoandikwa nyuma ya risiti, huku namba za uthibitisho zikitumwa kwa laini iliyoko Guangzhou.

Hila iko kwenye jina: "Cookies and other site data". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Tovuti kama WhatsApp huweka hifadhidata nzima ndani ya kivinjari, na hiyo inaweza kufika mamia ya MB. Kwa hiyo tiki moja inabeba kitu kikubwa na kitu cha thamani kwa pamoja. Fundi angefungua chrome://settings/content/all, akapanga kwa ukubwa, angeona kila tovuti na mzigo wake. Angefuta zile za tamthilia alizoziacha mpwa wangu, akaiacha ya duka. Lakini hiyo ingemchukua dakika tano, na yeye alikuwa na mteja mwingine.

Kisha akaona diski bado inaonyesha nyekundu, akageukia viendelezi. Data ya hivi haiguswi na Ctrl+Shift+Delete. Inakaa kwenye folda iitwayo Local Extension Settings, kila kiendelezi na jina lake la herufi 32 lisilosomeka na binadamu. Bosi alikuwa na kimoja cha kutunza kurasa: viungo vya viwanda vyote vya zipu na vitambaa anavyovifahamu. Ukikizima, data inabaki. Ukikiondoa, data inaondoka nacho, na kukisakinisha upya kunakuletea orodha tupu. Dawa ni kutafuta kwanza kitufe cha "Export" ndani ya kiendelezi chenyewe, ukapata faili. Fundi alitafuta kitufe cha "Remove".

Orodha ile ilikuwa ni maandishi matupu, haikufika MB moja. Diski, tulipoikagua vizuri, ilijazwa na video za matangazo ya mabegi kwenye folda ya Downloads.

Fundi akadai elfu kumi ya usafi. Nikamwambia nitamlipa kwa nafasi aliyoiokoa. Kashe imesharudi, hiyo haihesabiki. WhatsApp imejipakua upya, nayo haihesabiki. Zimebaki MB zisizofika 3 za vidakuzi. Achague mwenyewe MB moja ni shilingi ngapi, kisha atoe za bando langu.