Sifa za Shangazi wa Mita

Leo namsifu mwanamke aliyekataa kuwapa maharusi ufunguo wa chumba walichokwisha kukilipia mpaka kwanza akague mizigo yao. Majemadari wamesifiwa vya kutosha. Msimamizi wa nyumba ya kupanga pale Tandika, aliyeketi mlangoni na kanga begani na rundo la funguo kiunoni, hajapata hata ubeti mmoja, na ninaona ni dhuluma.

Maharusi walifika Jumamosi mchana na kirikuu kilichobeba kitanda, godoro, ndoo na maboksi ya zawadi za kichen pati. Walikuwa wametoa 360,000, kodi ya miezi sita kwa chumba cha 60,000, na juu yake 60,000 nyingine za dalali. Mkataba uligongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Dalali, kwa adabu ya kazi yake, alitoweka kabla kirikuu hakijazima injini.

"Shikamoo Shangazi," wakasema kwa pamoja, maana nyumba nzima humwita hivyo. Yeye ni dada wa mwenye nyumba, naye mwenye nyumba anaishi mkoani.

"Marahaba wanangu. Boksi lile lina nini?"

Bibi harusi akajibu kwa fahari kwamba ni jiko la umeme, zawadi ya mama yake mdogo.

"Hilo litalala juu ya kabati. Humu halipikiwi."

Hapo ndipo zikashuka sheria. Geti hufungwa saa nne usiku, na ufunguo wake ni mmoja tu, unaolala chini ya mto wa Shangazi. Choo na uani ni zamu kwa zamu. Mgeni wa kulala hutambulishwa kabla jua halijazama, hata akiwa mama mkwe. LUKU ni 5,000 kila chumba kwa mwezi. Mwenye feni ataongeza kidogo, mwenye pasi atanyoosha Jumapili asubuhi tu. Bwana harusi aliyekuwa ameshika mguu wa kitanda alisikiliza yote bila kuuweka chini. Baada ya hapo ndipo ufunguo ulipotoka kiunoni, mmoja kwa watu wawili, na agizo kwamba wakichonga wa pili wamwoneshe.

Wasiojua watasema huo ni ukatili. Mimi nasema ni elimu ya uchumi, tena isiyotozwa ada. Sikiliza.

TANESCO ina bei nafuu kwa mteja wa majumbani anayetumia umeme kidogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Kwake uniti ni shilingi 100, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Ukizoea kuvuka 75 unahamishiwa kundi la juu, na huko uniti hukaribia 357. Nyumba ya Shangazi ina vyumba sita vya wapangaji na mita moja. Vyumba sita vikitoa 5,000 vinapata 30,000, yaani takriban uniti 84, ukiacha mbali kodi ya jengo inayokatwa mwezi unapoanza. Kila chumba kimepata uniti 14. Chumba hicho hicho kingekuwa na mita yake kingezilipia 1,708. Lakini kwa kuwa wote wananing'inia kwenye mita moja, maskini sita wanahesabiwa kuwa tajiri mmoja, na wanatozwa kitajiri. Mita ndogo za ndani ambazo baadhi ya wenye nyumba hufunga zinaamua ugomvi wa nani katumia nini, ila bei haziigusi.

Jumapili ya pili maharusi walichoka kula chipsi. Wakaziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, wakashusha jiko juu ya kabati, wakabandika maharage. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili mfululizo hula uniti mbili, sawa na shilingi 714 kwa bei ya nyumba ile. Wakipika hivyo mara mbili kwa wiki, mwezi unaisha wakiwa wametumia kama uniti 17, zaidi ya fungu lao lote, kabla hawajawasha taa.

Harufu haikutoka. Shangazi hakuihitaji. Mita ina taa nyekundu inayopepesa, na kadiri umeme unavyotumika ndivyo inavyopepesa kwa kasi. Mchana wa Jumapili, pasi zikiwa zimeshapoa, taa ile huwa haina haraka. Siku hiyo ilikuwa na papara. Mama huyu hajasomea umeme popote, lakini aliitazama, akapita koridoni akizima chumba kimoja kimoja kwenye swichi za saketi, na alipozima cha tatu papara ikaisha. Nani kati ya wahandisi wetu anafanya uchunguzi namna hii kwa kanga na ndala?

Akabisha hodi. Hakufoka. Aliwakalisha kwenye benchi la uani akawapigia hesabu kwa kijiti mchangani, mbele ya wapangaji wote, kisha akawaelekeza wanunue mtungi wa gesi wa kilo sita. Maharage aliyachukua ayamalizie kwenye mkaa wake. Bakuli moja halikurudi, nami nalihesabu kuwa gharama za mahakama.

Sasa nifike kwenye kilele cha sifa zake. Chumbani kwa Shangazi kuna jokofu kuukuu lenye mpira wa mlango uliopasuka, na humo hugandishwa barafu za ubuyu ambazo watoto wa mtaa mzima huja kununua dirishani. Jokofu la hali ile halishindwi kula uniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Shangazi hachangii LUKU, kwa sababu yeye ndiye anayekusanya, na haifai mkusanyaji ajikusanye. Bibi harusi, ambaye kijiti cha mchangani kilikuwa kimemfungua macho, alitoa 45 kwenye 84 akabaki na 39. Vyumba sita vyote, na taa zao na feni zao mbili na simu zao, vilikuwa vinatumia 39. Bila barafu za ubuyu nyumba nzima ingekaa chini ya 75 na ingekuwa na haki ya kuomba bei ya 122.

"Shangazi," alisema kwa heshima, akipiga goti kidogo, "na jokofu je?"

Benchi zima likanyamaza. Mpangaji mmoja akakumbuka ana nguo za kuanua.

"Mwanangu," Shangazi akajibu, "jokofu limekuja kabla yenu." Kisha akaingia ndani, akatoka na barafu mbili, akawapa maharusi bure. Msimamizi wa hadhi ya chini angeona haya au angegombana. Huyu alitoa rushwa ya wazi, mchana kweupe, iliyogandishwa kwa pesa za waliohongwa, na ikapokelewa kwa asante.

Mwezi uliofuata mchango ukabaki 5,000. Wapangaji walikubaliana kununua mpira mpya wa mlango wa jokofu kwa kuchangishana, na Shangazi akasimamia mchango huo mwenyewe, akiwa hakuutoa.

Nawe unayekwenda kutazama chumba wiki hii, usianze kwa kuuliza choo kiko ndani au nje. Muulize dalali nyumba ina mita ngapi na uniti moja wanainunua bei gani, kisha omba maji ya kunywa kwa msimamizi, uone kama yatatoka ya baridi.