Anwani Yangu Ni Nyuma ya Msikiti

Hawa watu wa programu za malipo sijui kwa nini hawajui kuzuia hela za mtu katikati ya mwezi. Tarehe kumi na mbili, kumi na tano hivi, ningekuwa mpole kabisa. Lakini la, wangoje mwezi ufike ukingoni, mwenye nyumba ameshaanza kupita mlangoni akikohoa bila mafua, ndipo ujumbe uingie: mteja wetu mpendwa, akaunti yako imesimamishwa kwa muda ikisubiri uhakiki.

Mpendwa! Mtu anayekupenda hashiki kodi yako.

Mimi hutafsiri kutoka Kitaliano, lugha ambayo Malindi mtu anaiokota barabarani bila kulipa karo. Wateja wako kwao Italia, nami niko hapa kwenye bedsita na feni yenye kelele. Kwa kawaida huniletea yuro arobaini, hamsini, za orodha ya vyakula au tangazo la vila. Safari hii nilipata mkataba mrefu wa ukarabati, nikalipwa yuro 310 kwa mpigo, na nadhani hapo ndipo mashine iliposhtuka. Mashine hizi hujifunza mazoea yako. Ukizoea vidogo halafu kikaingia kikubwa, zinataka kujua wewe ni nani. Hela zinaonekana pale juu, nono, ila kitufe cha kuzitoa kimegeuka kijivu.

Kitambulisho walikikubali bila maneno. Kiini cha mateso ni kitu wanachokiita uthibitisho wa makazi: karatasi ya kampuni ya umeme au maji, au ya benki, isiyozidi miezi mitatu, yenye jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la barabara na nambari ya nyumba. Sasa jamani, nambari ya nyumba, Malindi? Mimi naishi nyuma ya msikiti, ukipita duka la mkaa, kwenye geti la bluu ambalo siku hizi ni la kutu. Bodaboda wote wanafika. Hata muuza mahamri anafika, tena gizani.

Na bili nitaitoa wapi? Stima yetu ni ya tokeni. Unanunua kwa simu, unabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, taa inawaka, hakuna karatasi. Mita yenyewe imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba. Maji vilevile. Nikawatumia taarifa yangu ya M-Pesa, ndefu, ina kila shilingi niliyowahi kula. Jibu likaja kwamba faili limefungwa kwa nywila. Nikalifungua, nikalituma upya. Jibu: hati haionyeshi anwani. Kweli haionyeshi. M-Pesa wananijua kwa nambari ya simu, hawana haja na geti langu.

Nikisema ukweli, najua ugumu huu umetoka wapi. Februari 2024 FATF, lile shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa fedha, liliiweka Kenya kwenye orodha yake ya kijivu, na Juni 2025 Umoja wa Ulaya nao ukatutia kwenye orodha ya nchi za hatari. Nchi ikishaingia humo, kampuni za malipo huwakagua watu wake kwa jicho kali zaidi. Sawa. Lakini mwenye mabilioni ya kusafisha ana wakili, ana nyumba yenye nambari na bili tatu zenye jina lake. Anayenaswa ni mtafsiri wa orodha ya pasta.

Rafiki yangu wa Kilifi, kule Mnarani, anayeandika manukuu ya filamu, akanipa dawa ya mtaani: kuna saiba wanakutengenezea bili ya maji yenye jina lako, mia mbili tu. Nikaona kimbele mwisho wake. Faili la PDF hubeba ndani yake siku lilipotengenezwa na programu iliyolitengeneza, na mkaguzi akikuta bili ya maji iliyozaliwa jana kwenye programu ya kuchora kadi za harusi, kwaheri. Akaunti inafungwa moja kwa moja, na hela zinaweza kukaliwa hadi siku 180. Hiyo ni kodi ya miezi sita nikalale ufukweni na kaa.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Karatasi ya mkataba au risiti ya kodi ingesaidia.

"Mama, nataka uniandikie barua kwamba naishi hapa."

"Kwani unaishi hapa?"

"Si unaniona, mama?"

"Nakuona, mwanangu. Lakini anayeishi hapa hulipa. Lipa, nikuandikie."

Nikamweleza kwamba nikiandikiwa ndipo nitakapolipwa, na nikilipwa ndipo nitakapolipa. Akanisikiliza kwa subira, kisha akauliza la maana zaidi: hiyo barua haitafika KRA? Maana tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba ni asilimia 7.5, na yeye risiti huziogopa kuliko nyoka. Barua sikupata.

Chifu, Mungu ampe umri, hakunisumbua. Aliniambia nije na mzee wa mtaa, mzee akaja, akasema huyu kijana namjua, hana kelele. Barua ikapigwa muhuri. Nikaituma kwa furaha. Jibu: hati ya aina hii haikubaliki. Yaani serikali ya Kenya imesema naishi hapa, na mtu aliyeko sijui wapi anasema haitoshi! Pale Ngomeni, si mbali na mlango wangu, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka baharini mwaka 1967, na wakajua iko wapi ikizunguka dunia. Mimi nisiyezunguka popote ndiye nisiyejulikana nilipo.

Kilichonitoa ni benki. Nina akaunti ya zamani, haina kitu, na anwani yake ilikuwa sanduku la posta la shule ya msingi niliyosoma. Dada wa kaunta akaniambia anaweza kubadilisha anwani, mradi nilete kitambulisho, na je, nina barua ya chifu? Nikacheka mpaka mlinzi akaja. Barua iliyokataliwa na programu ilikubaliwa na benki. Benki ikaniandika Barabara ya Lamu, ndiyo kubwa iliyo karibu, na jengo likaitwa kwa jina la mama mwenye nyumba. Na taarifa ya benki, yenye muhuri na salio la shilingi kumi na nane, ikakubaliwa na programu. Picha ya kwanza tu ndiyo waliyoirudisha, kona moja ilikuwa imekatwa. Kwa hiyo ukikwama kama mimi, anzia benki, tena anza wakati hudaiwi.

Kitufe kikarudi rangi yake tarehe sita. Nikahamishia M-Pesa, nikamtumia mama elfu tisa zake, na kwa ujinga wa furaha nikamwonyesha ile karatasi: tazama, mama, nyumba yako sasa iko benki, ina jina na barabara.

Akavaa miwani, akaisoma polepole. Wiki iliyofuata nikamkuta fundi getini na kopo la rangi nyeupe, anaandika jina la mama kwa herufi kubwa na chini yake "Na. 1", ingawa sijaona ya pili. Jioni mama akaniita barazani. Kuanzia mwezi ujao kodi ni elfu tisa na mia tano.

"Mwanangu, nyumba yenye anwani haiwezi kuwa bei moja na isiyo nayo."