Jinsi ya Kulia kwa Mizani Kumi na Sita

Umefiwa, gitaa unalo, na basi lako limesimama Segera abiria wale. Hapa njia zinagawanyika, moja inakwenda Muheza na Tanga, nyingine Korogwe hadi Moshi. Una nafasi ya kutosha kutunga ubeti mmoja wa maombolezo, mradi usianze kwa kumwaga kamusi nzima mezani.

Wengi huanza na "huzuni", na sababu inajulikana: inaishia na "ni", na katika Kiswahili karibu kila mahali panaishia na "ni". Moyoni, nyumbani, kaburini, njiani. Ukiandika "Nina huzuni moyoni, bibi yangu umeenda," mizani imetimia, nane kwa nane, na hujasema lolote. Msikilizaji ameshajua kina kinachofuata kabla hujafungua mdomo.

Ukitaka kuharibu kabisa, ongeza dozi. Kijana mmoja wa kufikirika, muuza machungwa pale njia panda, kamtungia marehemu bibi yake hivi: "Majonzi na jitimai, simanzi na kihoro." Kipande cha pili kina mizani saba tu, kwa hiyo akatoa "na" akaweka "pia": "simanzi pia kihoro." Sasa hesabu imekaa sawa na misiba ni minne ndani ya mshororo mmoja. Bibi alikuwa mmoja.

Tatizo ni kwamba maneno ya huzuni hayalingani. Kusikitika ni kwa watu wote. Abiria aliyekuta chapati zimekwisha anasikitika. Ofisi inayotangaza kukatika kwa maji nayo inasikitika, tena kwa barua yenye mhuri. Kuvunjika moyo ni kwa aliyekuwa na tumaini, kwa hiyo marehemu aliyeugua muda mrefu anaweza kukuvunja moyo kabla hajafa. Simanzi ingefaa sana kama magazeti yasingeichosha: kila ajali "simanzi yatanda", mpaka mtu akiiona anatafuta picha ya basi lililopinduka. Majonzi bado yana heshima, ila hupenda kusimamishwa karibu na simanzi kwa sababu ya kina cha "nzi", na hapo ndipo watunzi wavivu hufunga ndoa.

Jitimai ni zito, na linanukia udi. Watu wa Tanga wamelizoea kwenye taarabu, ambako aliyeachwa na mpenzi hulia nalo kuliko aliyefiwa. Ukilitumia msibani, jiandae mtu atunze noti. Kihoro ni huzuni yenye mshtuko. Mtu anaweza kufa kwa kihoro, hivyo usimpe mjomba aliyefika tanga likianuliwa. Halafu kuna ukiwa. Hili halikai kifuani peke yake. Nyumba nayo huwa ukiwa.

Kabla ya kuchagua, liimbe. Mwisho wa mshororo ndipo mwimbaji huvuta sauti, na "huzuni" na "majonzi" hubana mdomo kwa irabu nyembamba "i". "Ukiwa" unaachia mdomo wazi kwa "a", unavuta mpaka pumzi iishe. Sikio la waombolezaji halihesabu mizani, lakini hili linasikia.

Kanuni ya mwisho ndiyo watu huikataa: neno jepesi mpe mtu mwingine. Tumsaidie kijana wetu. Kina cha kati tuchukue "ka", cha mwisho "wa":

Segera nilipofika, nilidhani nangojewa,
Nikaita kwa haraka, mlango umekomewa,
Jirani kasikitika, habari nikaambiwa,
Bibi umeshaondoka, nyumba yetu ni ukiwa.

Angalia anayesikitika: ni jirani. Ana haki ya kusikitika, kisha atarudi kupika. Mjukuu hajapewa neno lolote la huzuni. Amepewa mlango na komeo, na neno moja zito limewekwa mwisho kabisa, tena limetupiwa nyumba. Ukirudisha "huzuni" kwenye mshororo wa kwanza, mlango ule hautamshtua mtu; ameshaambiwa alie.

Kijana atalalamika kwamba hakuonyesha uchungu wa kutosha. Mkumbushe Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alipofiwa na mkewe, shairi lake la maombolezo hakuliita Kihoro wala Jitimai. Aliliita "Amina", jina la mke.

Kama bado anasisitiza misiba minne, mwachie akaimbe kwenye harusi. Konda keshapiga mkono bodi ya basi, na wewe hujalipia chai.