Jinsi ya Kufungwa na Dalali Ukiwa Umekaa Sebuleni Kwako

Kwanza uwe na nyumba. Ikiwa bado ukutani ina yale maandishi mekundu ya NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, usiyafute. Yatampa dalali kazi ya kuwaeleza wateja, na wateja watapata sababu ya kuondoka kabla hawajauliza bei. Nyumba ya baba mdogo wangu kule Tegeta iliuzwa ikiwa nayo mpaka mwisho, na hadithi yake ndiyo nitakayoitumia hapa kama kielelezo, kwa kuwa mzee alifuata kila hatua ya mwongozo huu bila kuusoma.

Madalali wa kawaida, wale watano wanaogombania kigae kimoja cha kivuli chini ya mwembe, usihangaike nao. Hao hawakufungi. Kila mmoja analeta mteja wake na anayefanikisha ndiye anayekula. Wewe mtafute yule mwenye mkoba wa ngozi na karatasi zilizochapwa, atakayekuambia: “Mzee wangu, nyumba ya hadhi hii haitangazwi na kila mtu. Tupe sisi peke yetu.” Mpe chai. Kisha mpe kalamu.

Neno la kulifurahia ni hilo “peke yetu”. Kwenye karatasi linaweza kuwa na maana mbili, na kosa la kwanza la kufanya ni kutouliza ni ipi. Maana ya kwanza ni kwamba hutampa dalali mwingine kazi hiyo, lakini ukimpata mnunuzi mwenyewe, shemeji yako au mtu uliyesali naye, unauza na hudaiwi kitu. Maana ya pili ni kwamba haki ya kuuza ni ya dalali tu: akinunua yeyote ndani ya muda wa mkataba, hata kama ni mama yako mzazi, kamisheni inalipwa. Uingereza kuna kanuni za mwaka 1991 zinazomlazimu dalali amweleze muuzaji kwa maandishi tofauti ya hayo mawili. Sebuleni Tegeta aliyelazimika kueleza ni baba mdogo, na alikuwa akieleza habari za kiwanja alichonunua mwaka ule wakati ukurasa wa pili unafunuliwa. Pale paliandikwa kwamba kamisheni itadaiwa “nyumba ikinunuliwa na mtu yeyote, kwa njia yoyote”. Maneno manane. Alitia saini.

Mtu asiyependa kufungwa angeomba mstari mmoja uongezwe, nao ni orodha ya watu ambao tayari wamekwisha kuulizia nyumba, majina yao yakiambatanishwa siku ya kusaini, kwamba hao wakinunua dalali hana chake. Baba mdogo alikuwa na jina moja la kuweka, la jirani wa ukuta wa nyuma, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akisema, “Ukiuza niambie.” Hakuliandika. Kumwandika jirani kwenye karatasi aliona kama kumshtaki.

Kwenye muda, chagua mwaka mmoja. Siku tisini zinatosha kabisa kujua kama dalali anafanya kazi au anapamba mkoba, lakini siku tisini zina ubaya wa kuisha. Mwaka una utulivu. Na tarehe ya mwisho isiandikwe. Iandikwe tu “miezi kumi na miwili tangu tangazo la kwanza”, ili hata siku ya kuanza iwe ya kubishania. Kisha kiwepo kifungu kwamba mkataba utajirudia wenyewe kwa muda uleule usipoleta notisi ya maandishi siku thelathini kabla haujaisha. Hapo utahitaji kukumbuka kuukataa kabla haujaisha mkataba ambao huna uhakika ulianza lini.

Sasa ahadi za matangazo. Dai ahadi kubwa na zisizopimika. Karatasi ya baba mdogo ilisema kampuni “itatumia juhudi zote kuitangaza nyumba kitaalamu ndani na nje ya nchi”. Ukisoma sentensi hiyo utaona Dubai. Ukitafuta ndani yake picha ngapi, bango lini, nani analipia tangazo, na mzee ataletewa taarifa siku gani, hutaona kitu. Ahadi inayoweza kuvunjwa huwa fupi na haina mvuto: picha ishirini za mchana zilizopigwa kabla ya tarehe kumi, bango getini wiki ya kwanza, na kila Ijumaa ya pili orodha ya waliokuja kuona nyumba, walisema nini na walitaja bei gani. Ikishindikana mara mbili mfululizo, mwenye nyumba anaondoka bila kulipa. Dalali mzuri huisaini bila kukunja uso kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku. Mwingine atakuambia, “Mzee, tuaminiane.”

Juhudi zote, kwa miezi mitatu ya kwanza, zilikuwa picha nne. Moja ilikuwa ya choo. Zilirushwa kwenye vikundi vya simu vya madalali wengine, wakazirusha kwa wenzao, na kila aliyezipokea akaongeza cha juu chake. Nyumba aliyoipa bei ya milioni 180 ilimrudia baba mdogo kwenye simu ya mpwa wake ikiwa milioni 215, “bei ya maelewano”. Hii ndiyo siri tamu ya upekee wa Dar es Salaam: unamfungia dalali mmoja, naye anawafungulia arobaini. Kama unataka kuzuia, andika kwamba bei inayotangazwa ni ile tu uliyoikubali, na kwamba dalali akimtumia dalali mwenzake watagawana kamisheni ileile. Kama hutaki kuzuia, mwambie kwa mdomo, “Mimi nipe mia na themanini yangu, kinachozidi ni chako.” Kuanzia siku hiyo mnunuzi wa milioni 178 hataletwa kwako kamwe, maana hana kinachozidi.

Tufike kwenye kamisheni, ambapo kila mtu hubishania asilimia na kusahau maneno mawili yanayoizunguka: ya nini, na lini. Baba mdogo alipigana kishujaa kuishusha kutoka saba hadi tano, akashinda, tukampongeza. Haikuwa tano ya bei itakayouzwa. Ilikuwa tano ya “bei iliyotajwa katika mkataba huu”, yaani ya milioni 180 hata ikiuzwa kwa mia. Na ilikuwa ya kulipwa dalali “atakapomleta mteja aliye tayari na mwenye uwezo wa kununua”. Angalia vizuri: atakapomleta. Sio mteja atakapolipa.

Kifungu cha namna hiyo kilikaribia kummaliza mwezi wa sita. Alikuja mteja wa kweli, mwenye fedha, akakubali bei. Lakini nyumba ni ya familia, na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mume hawezi kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Mama mdogo hakuwa ameulizwa. Alipoulizwa, alisema anakwenda kuchanja kuni, ingawa tunapikia gesi. Mteja akangoja wiki tatu akaondoka, na dalali akaleta ankara, kwa hoja kwamba yeye alimleta mtu, tayari, na uwezo wake unaonekana. Mjomba mmoja alimkumbusha kwamba siku ya kusaini mama mdogo ndiye aliyeleta chai, na hakuna aliyemwonyesha karatasi. Ankara ikarudi mkobani. Haikuchanwa.

Mwenye akili ya kawaida angeandika kwamba kamisheni ni asilimia ya bei halisi, inadaiwa fedha za mwisho zikiingia kwenye akaunti ya muuzaji, na wanandoa wote wawili wanasaini mkataba wa dalali kabla bango halijasimama. Angeandika pia kwamba malipo ya awali ya mnunuzi yanakaa kwa wakili. Yakikaa kwa dalali, hujikata kamisheni yenyewe njiani.

Mwezi wa tisa jirani wa ukuta wa nyuma aligonga geti. Alikuwa na milioni 165. Mama mdogo, ambaye safari hii aliulizwa wa kwanza, alikubali, maana alimjua na alijua atamruhusu kuja kuchuma ndimu. Wakaandikiana kwa wakili, fedha zikaingia benki. Dalali hakuwa amemleta jirani, hakumjua, na siku mbili za mwanzo aliegesha gari mbele ya geti la jirani huyo. Ila yule alikuwa “mtu yeyote” na ile ilikuwa “njia yoyote”. Ankara ikatoka mkobani: asilimia tano ya milioni 180, yaani milioni 9, na juu yake asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, shilingi 1,620,000. Jumla 10,620,000. Kwa bei halisi kamisheni ingekuwa 8,250,000. Alipoombwa namba yake ya usajili wa kodi hiyo, dalali alikohoa, na ile milioni moja na laki sita ikatoweka kwenye mazungumzo bila kuagwa.

Hapo ndipo baba mdogo alipokumbuka kusoma kifungu cha kujitoa. Nakushauri ukisome katika hali hiyohiyo, ukiwa umekwisha kuuza. Kilisema mwenye nyumba akivunja mkataba kabla ya muda atalipa kamisheni yote kama faini, na baada ya mkataba kuisha, mtu yeyote aliyewahi kuonyeshwa nyumba akinunua ndani ya miezi kumi na miwili, kamisheni ni ya dalali. Huo mkia una haki yake, kwa sababu wako wenye nyumba wanaongoja mkataba ufe ndipo wamfuate mteja aliyeletwa na mwingine. Lakini mkia wa haki ni wa miezi mitatu, na dalali hukabidhi majina ya wateja wake ndani ya siku saba baada ya kuachana. Bila majina, kila mpita njia aliyewahi kuangalia geti ni mteja wake.

Wakili aliyeitwa, kwa bei ambayo mapema ingetosha kumsomesha mzee ile karatasi mara kumi, alieleza mambo mawili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inakubali kwamba ukimwondoa wakala kabla ya muda mliokubaliana bila sababu ya kutosha, unamfidia. Lakini kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni kikomo tu, na mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Kisha akaomba taarifa za matangazo ya miezi tisa. Dalali akaleta simu. Kwenye simu kulikuwa na zile picha nne.

Walimalizana kwa milioni nne na nusu, barazani, mbele ya mjumbe, na chai ikaletwa tena. Jirani alihamia mwezi uliofuata. Alipaka rangi ukuta mzima isipokuwa pale penye maandishi mekundu. Anasema sasa ni ya kweli. Wiki iliyopita dalali alipita, akayasoma, akampigia baba mdogo kuuliza kama ana mpango wa kuuza kile kiwanja.