Sina Maneno Mengi

Katika mkutano mkuu wa kijiji, sentensi ya kutisha kuliko zote si ile inayotangaza mchango mpya, wala ile inayouliza fedha za mchango wa zamani zilikwenda wapi. Ni hii: "Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi." Mwenye maneno machache hana haja ya kuyatangaza, huyasema, akaketi. Anayetangaza uchache wake amekwisha kuvuta pumzi ya safari ndefu, na wasikilizaji wanajua. Wazee wanasogeza viti kufuata kivuli, akina mama wanahamisha watoto kutoka paja hili kwenda lile, na mgambo aliyekuwa amesimama anaona bora aegemee mti. Waliochoshwa na hali hii hushauri kwamba utambulisho ufutwe kabisa, mtu akipewa nafasi aulize tu. Nadhani wamekosea dawa. Kujitambulisha ni sehemu ya swali, tena sehemu inayoamua kama swali litaishi au litakufa jioni ileile. Tatizo ni kwamba tumeubebesha utambulisho mizigo isiyo yake, na mzigo wake halisi tukauacha nyumbani.

Tuchukue Goweko, kata ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, kandokando ya reli ya kati, upande wa mashariki wa Tabora mjini. Atatokea mtu aseme kwamba kijijini kila mmoja anamjua mwenzake, kwa hiyo kujitaja jina ni maigizo ya mjini. Huyo hajaangalia ni nani ameshika kalamu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Katibu wake ni mtendaji wa kijiji, mwajiriwa anayeweza kuwa amehamia juzi kutoka upande mwingine wa wilaya. Kwake yeye akina Juma wanne wa kijiji ni sauti nne zinazotoka kwenye umati. Na hata wakazi wenyewe hawajuani kama tunavyopenda kudai. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na vijiji vya stesheni tangu hapo vimekuwa vya wenyeji na waliohamia. Kuna mkulima wa tumbaku, kuna mrina asali, kuna mfugaji aliyeingia na ng'ombe wake msimu wa kiangazi akaona hapa panafaa.

Mtendaji anaandika muhtasari. Mkutano unaofuata unaanza kwa kuusoma, kisha yanafuata yatokanayo, yaani yale yaliyoulizwa au kuagizwa mara ya mwisho na hatua zilizochukuliwa. Hapo ndipo jina linapofanya kazi. Muhtasari ukisema kwamba mkazi fulani wa kitongoji fulani aliuliza jambo fulani na akaahidiwa jibu, mwenyekiti hana pa kupitia. Mwenye swali yupo, ameketi mstari wa tatu, na anamtazama. Muhtasari ukisema "mjumbe mmoja aliuliza kuhusu ardhi", basi hakuna aliyeuliza. Mjumbe mmoja hadai majibu, hana simu, wala hakumbukwi na mtu. Nadiriki kusema maswali mengi ya vijijini hayajawahi kukataliwa na yeyote. Yamezikwa tu chini ya jina la mjumbe mmoja.

Sasa tazama utambulisho wenyewe unavyokwenda. "Mwenyekiti, nashukuru kwa kunipa nafasi. Kwanza kabisa nimshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hadi kuifikia siku ya leo. Pili nikushukuru wewe, mwenyekiti, na kamati yako nzima kwa kazi nzuri. Tatu, mheshimiwa diwani, wazee wetu, viongozi wa dini, itifaki imezingatiwa." Hapo itifaki inatajwa kuwa imezingatiwa mara tu baada ya kuzingatiwa kwa sauti, mtu kwa mtu. Inafuata historia: alizaliwa hapa, akasoma hapa, akafanya kazi ya serikali mikoa mitatu, akastaafu, akarudi. Kisha, "sina maneno mengi". Kisha kinapita kichwa cha treni ya mizigo kikipiga honi, na kila kitu kinasubiri. Honi ikinyamaza, mwulizaji anakuta swali lake limeondoka na behewa la mwisho, anajitetea kwa kusema, "Aliyetangulia ameligusa, naunga mkono," anaketi kwa makofi. Jina lake, angalia, hajalitaja.

Hesabu yake haihitaji afisa mipango. Chukulia mwenyekiti ametenga nusu saa ya maswali, na kila jibu linachukua dakika mbili na nusu, swali lenyewe nusu dakika. Utambulisho ukiwa wa dakika mbili, watauliza watu 6. Ukiwa wa robo dakika, watauliza 9. Watu watatu wamerudi nyumbani na maswali yao kwa sababu mwenyekiti ameshukuriwa mara sita kwa kazi nzuri, na katika hao watatu kuna uwezekano mkubwa yumo aliyetaka kuuliza kama kazi hiyo ni nzuri kweli. Zaidi ya hapo, wanaokosa nafasi si watu wowote tu. Wanaonyoosha mkono wa kwanza ni wale waliozoea majukwaa. Wanaosubiri hadi mwisho ni wanawake, vijana na wageni wa kijiji. Shukrani ndefu hula muda wa mtu ambaye hajawahi kushukuriwa.

Madhara mengine ni ya kichinichini zaidi. Utambulisho mrefu humpa mwenyekiti kitu cha kujibu badala ya swali. Ukisema wewe ni mwalimu mstaafu, mwunganishaji wa maoni ya wazee, na shabiki wa maendeleo, halafu ukauliza eneo la malisho limepungua kwa nini, mwenyekiti mwerevu ataanza hivi: "Kwanza nimshukuru mwalimu wetu, amenifundisha mimi mwenyewe darasa la tatu." Kicheko, makofi, kumbukumbu za fimbo za zamani, na malisho yanaendelea kupungua. Hakukwepa swali, amejibu ulichotanguliza. Mwulizaji ndiye aliyempa mlango wa kutokea, tena akamshikia usifunge.

Kitu ambacho utambulisho ungepaswa kubeba, na haukibebi, ni uhusiano wa mwulizaji na jambo analouliza. Hapa ardhi ni mfano mzuri, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha kwanza. Yaani idhini hutolewa pale pale, mbele ya watu, na muhtasari ndio ushahidi wake. Fikiria eneo fulani la msitu linapendekezwa ligawiwe. Mtu wa kwanza anasimama na kusifu pendekezo kwa ufasaha. Hakusema kwamba mwombaji wa eneo ni shemeji yake. Wa pili analipinga kwa uchungu. Hakusema kwamba mizinga yake imo mle mle. Wote wawili wana haki ya kusema, na wala sioni ubaya kwa shemeji kutetea shemeji. Ila mkutano ungewasikiliza kwa masikio tofauti kama ungejua. Linganisha na huyu: "Naitwa Fulani, kitongoji cha stesheni. Nina mizinga ndani ya eneo hilo. Naomba kujua: mipaka iliyosomwa leo ndiyo iliyosomwa mkutano uliopita?" Ni sekunde kama kumi na tano. Mtendaji amepata jina na mahali, mkutano umejua anasimama upande gani, na swali limekuja likiwa na alama ya kuuliza, jibu lake ni ndiyo au hapana. Mwenyekiti akitaka kukwepa, itabidi akwepe mbele ya watu wote bila msaada wa darasa la tatu.

Wapo watakaosema huu ni utovu wa adabu, kwamba Mnyamwezi hawezi kusimama mbele ya wazee akaanza na mipaka kabla ya salamu. Ni kweli, na sitetei ukavu. Salamu moja inatosha, kwa sababu ina wa kuijibu: "Mwangaluka" ya kwanza huitikiwa na mkutano mzima, ya nne na wazee wawili, ya saba na mtoto aliyedhani anaitwa. Wengine wataleta historia, kwamba njia hii ya misafara imezoea watu kuingia kwa kishindo. Hapa wana hoja. Misafara iliyotoka pwani, ikishavuka nyika ya Mgunda Mkali na kupita Tura na Kigwa kuelekea Unyanyembe, iliingia kwa bendera, ngoma na milio ya bunduki, kirangozi akiwa mbele na mavazi yake ya fahari. Lakini baruti zile zilikuwa na kazi ya kutangaza kwamba msafara umefika. Baada ya moshi kutulia, mwenyeji alitaka kujua mali ni ya nani, inatoka wapi na inakwenda wapi. Sisi tumehifadhi baruti, tukatupa majibu.

Pingamizi lenye uzito ni la tatu, na halichekeshi sana. Mtu anarefusha utambulisho kwa sababu anaogopa. Swali likiwa kali, sifa zinazolitangulia huongezeka. Anayeuliza kisima kitachimbwa lini hushukuru sentensi moja, anayeuliza risiti za kisima hushukuru hadi wahenga. Sifa ni bima. Mtu anayemtaja mtendaji kwa ubaya leo atamhitaji kesho kwa barua ya utambulisho, muhuri au usuluhishi wa mpaka. Kumwambia mtu huyo ataje jina na kitongoji, halafu aulize risiti kwa maneno ishirini, ni kumwambia avue koti kwenye mvua. Nakubali. Ila bima hii hailipi: mtendaji aliyeudhika na swali la risiti hatatulizwa na shukrani za wahenga, na atalikumbuka jina hata kama halimo kwenye muhtasari. Kinga iliyo bora ni kutokuwa peke yako. Swali la hatari lipelekwe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, au wakazi watano wakubaliane, mmoja aseme: "Naitwa Fulani, nauliza kwa niaba ya kaya za kitongoji chetu." Jina linabaki, hofu inagawanywa kwa tano.

Lawama nyingine nairudisha meza kuu. Mwulizaji huiga anachokiona, na wageni rasmi ndio wanaotambulishana kwa nusu saa kabla ya ajenda ya kwanza, kila mmoja akipunga mkono. Mwenyekiti anayetaka maswali mafupi anaweza kutangaza kabla ya mkono wa kwanza: jina, kitongoji, jambo linakuhusu vipi, swali. Kisha amkatize yeyote anayezidisha, akianza na diwani. Asipofanya hivyo, aache kulalamika kwamba wananchi wanapoteza muda. Na wewe uliyenyimwa nafasi, mkutano mwingine ni baada ya miezi mitatu, ukiitishwa.