Bomba Lililoishia Minazini

Jumamosi iliyopita, mbele ya ndoo zilizopangwa foleni tangu alfajiri, bomba letu la maji liliishia katikati ya minazi. Halikupasuka wala halikuziba. Liliisha tu. Mzee mmoja wa kamati ya maji aliinua ncha yake, akaichungulia kana kwamba mita zilizobaki zimejificha mle ndani, kisha akanigeukia.

"Mgosi, ulipima kwa rula au kwa macho?"

"Kwa rula, mzee."

"Basi rula hiyo ni ya kwenu mjini. Huku kwetu ardhi ni ndefu."

Bibi mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake alisema kwa upole, na upole ndio uliouma: "Mwanangu, hayo maji mmewaletea minazi?"

Tangu siku hiyo, kuanzia Tongoni hadi sokoni Ngamiani, kila anayenijua ananisalimu kwa kuulizia maji yamefika wapi. Mjini Tanga habari haihitaji bomba. Inatiririka yenyewe.

Naomba nisikilizwe. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na nipo tayari kuirudia mbele ya hakimu. Katibu wa kamati aliipiga picha ramani ya kijiji iliyobandikwa ukutani, karatasi ya A3, ukingo kwa ukingo, akanirushia kwa simu. Nikaipeleka stesheneri. Kijana wa pale akaibana picha nzima ikaenea kwenye A4, akanitoza pesa yangu, nikaondoka. Pembeni mwa ramani paliandikwa 1:2,500, maana yake sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 2,500 za ardhini, yaani mita 25. Nikapima kutoka kwenye tangi hadi kwenye kituo cha kuchotea maji: sentimita 17. Mara 25, mita 425. Bomba jeusi la plastiki huuzwa kwa roli la mita 100, kwa hiyo nikaagiza maroli matano, mita 500, na ziada ya kukata kona juu. Kirikuu kikayabeba, vijana wakachimba huku wakilaza, na kwenye minazi ile roli la tano likakoma. Kituo kilikuwa mbele yetu, mita 100 kamili.

Walionihurumia walisingizia mteremko: ramani hupima kama ndege anavyoruka, bomba hufuata mabonde. Ni kweli, ila mteremko ni mwizi mdogo kuliko anavyosingiziwa. Hata kama ungekuwa Lushoto kwenye mlima unaopanda mita 30 kwa kila mita 100, mita 600 za ramani zingekuwa mita 626 za bomba. Na sisi tulikuwa pwani, mahali ambapo mpira ukiuacha chini unabaki pale pale.

Mwizi alikuwa karatasi yenyewe, na tangu nimtambue nashindwa kumchukia kwa jinsi alivyo fundi. A4 ni A3 iliyokunjwa katikati, kwa hiyo eneo lake ni nusu. Mtu angetegemea urefu wa kila mstari nao uwe nusu. Hauwi. Karatasi inapungua kwa upana na kwa urefu kwa pamoja, na ili pande mbili zikizidishwa zitoe nusu, kila upande lazima ubaki karibu asilimia 71 ya ulivyokuwa. Kwa hiyo mstari uliokuwa sentimita 24 kwenye A3 ukutani ulinifikia ukiwa sentimita 17. Sentimita 24 mara mita 25 ni mita 600. Ndizo zile zile mita 600 tulizozikuta shambani, 500 zina bomba na 100 zina minazi.

Utamu wenyewe uko hapa. Kila kitu kwenye ile karatasi kilinywea: barabara, msikiti, tangi, hata herufi. Ile 1:2,500 nayo ilinywea, ikawa ndogo ya kutafutwa kwa miwani, lakini bado ilidai ni 2,500! Namba haijui kwamba imepunguzwa. Ilipaswa kusomeka takriban 1:3,500, na hakuna mashine ya stesheneri inayoirekebisha.

Chini ya ramani nzuri huwa kuna kipimio cha mstari, ule mstari uliogawanywa vipande na kuandikwa 0, 100, 200 na kuendelea. Huo ndio muungwana. Picha ikipunguzwa, unapungua nayo. Ikikuzwa, unakua nayo. Unachukua ukingo wa karatasi, unatia alama mbili kwenye safari yako, unaushusha juu ya mstari, unasoma mita. Huhitaji rula wala kuzidisha. Kwenye ramani yetu mstari huo ulikuwepo. Kwenye picha, mahali pake pana kidole gumba cha katibu, kimetoka vizuri, hadi mistari ya ngozi inahesabika.

Bado palikuwa na shahidi wa pili: miraba ya gridi. Kwenye ramani yetu kila mraba ni mita 100, na kwa 1:2,500 upande wake lazima uwe sentimita 4. Kwenye karatasi ya stesheneri ulikuwa 2.83. Hiyo ndiyo dalili: namba ikisema 4 na rula ikisema 2.83, karatasi imeguswa. Na tiba iko hapo hapo. Gawanya 17 kwa 2.83, unapata miraba 6, yaani mita 600. Ila shahidi huyu anaaminika pale tu picha ilipopigwa uso kwa uso. Ukiinamisha simu, miraba ya karibu inanenepa, ya mbali inakonda, na hapo kila mraba una mita zake.

  

Bomba fupi linaongezwa roli moja, maji yanafika, watu wanacheka. Kwenye ardhi hakuna roli la kuongeza. Kiwanja cha mita 71 kwa 71 ni nusu hekta. Kuza ramani yake kutoka A4 hadi A3, acha 1:2,500 pale pale, na rula itakuapia kwamba ni mita 100 kwa 100, hekta nzima. Urefu umedanganya kwa asilimia 41, eneo limedanganya mara mbili. Huku pwani viwanja vinauzwa kwa picha za simu, mnunuzi yuko Dar au Maskati, na picha imekatwa vizuri kuondoa mstari wa kipimio. Wengine hukata kwa kutojua. Wengine wanajua sana. Na anayelia baadaye huambiwa kwamba namba ilikuwepo, hakuisoma.

Kwa hiyo, ukipiga picha ramani, simama uso kwa uso nayo, hakikisha mstari wa kipimio umeingia wote, na laza rula kando yake ipigwe nayo picha. Ukiletewa ramani isiyo na mstari wala gridi, usiipime, na kama ni ya kiwanja usiilipie. Nenda kaone mawe ya mipaka, uvute futi kamba. Na vidole, tafadhali, vibaki nyuma ya simu.