Namna ya Kusimamisha Nguzo Ndefu kwa Watu Wanne

Ukitaka nguzo ndefu kuliko zote kwenye chati, usihangaike kutafuta watu wengi. Wachache ndio wanaokufaa, na wanne wanatosha kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wafanyabiashara 240 wa soko moja wameulizwa kama wamekopa kwa simu mwaka huu, na 95 wamesema ndiyo, yaani karibu asilimia 40. Habari hiyo haimshtui mtu, kwa hiyo anza kuwagawa kwa bidhaa wanazouza. Kati ya wauza mboga 118, waliokopa ni 45, asilimia 38. Wauza nguo ni 86, na 35 kati yao wamekopa, asilimia 41. Wauza nafaka ni 32 na waliokopa ni 12, asilimia 38 tena. Endelea kugawa hadi ufike kwa wauza dagaa. Hao wako wanne tu kwenye sampuli, na watatu wamekopa. Asilimia 75! Nguzo yako imepatikana.

Sasa fungua Excel, chagua safu ya bidhaa na safu ya asilimia, na ile ya idadi ya watu iache pale pale kwenye jedwali. Hapa ndipo kazi yote inapofanyika. Nguzo huchorwa kwa asilimia peke yake, kwa hiyo watu wanne na watu 118 wanapata nguzo za upana uleule na rangi ileile, na macho ya msomaji hayana pa kushika. Kisha panga kutoka kubwa kwenda ndogo. Dagaa watakaa mbele kabisa, na kichwa cha habari kitajiandika: wauza dagaa wazama kwenye mikopo.

Kabla hujakichapa, mrudie mmoja wa wale watatu. Angekuwa amejibu hapana, nguzo ingeshuka kutoka 75 hadi 50. Jibu la mtu mmoja lina uzito wa pointi 25 katika kundi hilo, ilhali kwa wauza mboga halifikishi hata pointi moja.

Tena chukulia kwamba wauza dagaa wote wa eneo lile hawana tofauti na wenzao, na wanakopa kwa asilimia 40 ileile. Ukiwachukua wanne kwa kubahatisha, takribani mara 18 katika kila 100 utapata watatu au zaidi waliokopa. Na takribani mara 13 hutapata hata mmoja, na nguzo haitaonekana kabisa. Ndiyo sababu makundi madogo hujazana kwenye ncha zote mbili za chati, juu kabisa na chini kabisa. Ukiona mshindi na wa mwisho wote wametoka kwenye makundi madogo, uliza idadi kwanza, sababu baadaye. Watu watatu kati ya wanne wanakubaliana na ukweli wowote ulio kati ya asilimia 30 na 95 hivi, kwa kipimo cha kawaida cha uhakika wa asilimia 95. Mtu anayeamua nani apewe mafunzo ya fedha na nani anyimwe hawezi kusimama juu ya pengo pana namna hiyo, na inauma kuona anaamua hivyo kwa sababu tu hakuonyeshwa idadi.

Wanaofanya Utafiti wa Demografia na Afya, ule unaotoa takwimu za uzazi na chanjo Tanzania, Kenya na kwingineko, wana desturi ya kuigwa. Asilimia iliyotokana na watu 25 hadi 49 huwekwa kwenye mabano. Chini ya 25, tarakimu haichapwi, panawekwa kinyota. Na wanahesabu watu halisi waliohojiwa, kabla ya uzani wa kitakwimu, kwa kuwa uzani unaweza kulifanya kundi dogo lionekane kubwa.

Kwenye chati yako inatosha kuandika chini ya kila nguzo: 45 kati ya 118, 3 kati ya 4. Ukiona kundi ni dogo mno, liunganishe na linalofanana nalo, tuseme dagaa na samaki wabichi, lakini kiwango cha kuunganisha kipange kabla ya kuona majibu. Anayeunganisha baada ya kuona atachagua muungano unaompendeza.

Kuna hali moja ambayo nguzo ile haina kosa. Kama soko zima lina wauza dagaa wanne tu, wote umewauliza, na unalosema linawahusu wao peke yao, hapo hakuna kubahatisha: watatu wamekopa, mmoja hajakopa. Lakini habari hiyo haihitaji chati wala asilimia. Iandike kwa sentensi moja, na ukipata nafasi waulize wale watatu walikopa kwa ajili gani.